Rafiki Amefeli Mtihani: Umwandikie Nini kwa Kihispania?

Tuseme una rafiki anayesomea uuguzi Granada, kusini mwa Hispania. Tumwite Lucía. Mlizoeana alipokuja likizo Zanzibar, na tangu hapo mnaandikiana kwa Kihispania, yeye chake cha kuzaliwa nacho, wewe chako cha kujifunza ukubwani. Jioni moja ya mwezi Juni simu inatoa mlio na unasoma hivi:

"He suspendido Farmacología. Un 4,3. Estoy hecha polvo."

Amefeli farmakolojia. Amepata 4.3. Na hayo maneno ya mwisho, ukiyachukua yalivyo, anasema amegeuka vumbi, yaani amevunjika kabisa. Sasa zamu ni yako. Unataka kumfariji, ila hutaki ajione anahurumiwa kama mtoto aliyeangusha sahani.

Aliyekulia kwenye Kiswahili hapa hana kazi kubwa. Anasema pole. Pole humfaa aliyejikwaa, anayetoka kazini, mgonjwa na mfiwa, wala hakuna anayeshushwa hadhi kwa kupewa pole. Kihispania hakina neno lililoenea kiasi hicho. Kamusi itakupa "lo siento", na neno hilo si kosa, lakini lina mipaka yake. Ndilo analotumia mtu anapoomba radhi kwa kukukanyaga mguu, na ndilo linalosemwa msibani. Likisimama peke yake kwenye ujumbe huu linasomeka kavu. Ukilivuta na kuandika "lo siento muchísimo", linaanza kunukia matanga. Kuna pia "te acompaño en el sentimiento", ambalo baadhi ya vitabu vya misemo hulitaja chini ya maneno ya kufariji. Hilo liache kabisa: ni la mazishi, na Lucía atadhani unamtania.

Kabla ya kutafuta neno jingine, tazama mwanzo wa ujumbe. Sisi tuna desturi ya kusalimiana kwanza: habari za huko, za nyumbani, za masomo, ndipo tuingie kwenye jambo. Kihispania cha simu hakiendi hivyo. Mtu ameshakwambia amegeuka vumbi, ukimjibu "Hola, ¿cómo estás?" unaonekana hukusoma alichoandika. Rafiki wa kweli huingia moja kwa moja, sentensi mbili tatu, na huko ufupi hauhesabiwi kuwa ukavu. Kinachohesabiwa kuwa kikavu ni barua ndefu yenye "Espero que estés bien", maneno ambayo Mhispania huyakuta zaidi kwenye baruapepe za ofisini.

Sasa tumwandikie jibu baya makusudi, lile ambalo mtu mwenye nia njema na kamusi mkononi angeweza kulituma:

"Hola Lucía. Lo siento muchísimo por tu fracaso. Pobrecita, me das mucha pena. No te preocupes, no pasa nada, todo pasa por algo. Estudia más y el próximo ano vas a aprobar."

Kila kipande hapo kina shida yake, na shida zenyewe zinafundisha.

Anza na "tu fracaso". Mwandishi alitaka kusema kufeli kwako. Lakini "fracaso" ni neno zito la mtu aliyeharibikiwa, la ndoa iliyovunjika au biashara iliyofilisika. Mtihani wa somo moja hauna hadhi hiyo. Hispania husema "suspender", na mitaani wanafunzi husema "catear". Njia salama kuliko zote ni kuacha kabisa kukitaja kitendo cha kufeli na kutumia vijineno viwili vidogo, "lo de". "Lo de Farmacología" ni lile jambo la farmakolojia. Jambo limetajwa, hakuna aliyejifanya halikutokea, na hakuna aliyelichimba. Ukipata habari siku mbili baadaye, "siento lo de Farmacología" ni sentensi nzuri na kamili, na hapo hata lile "siento" linakaa vizuri, kwa kuwa unasikitikia jambo badala ya mtu.

Kisha linakuja "pobrecita", na ndani yake ndiko huruma ilikojificha. "Pobre" ni maskini. Mkia wa "-cita" unalifanya kuwa dogo, kama tunavyofanya tukisema kijitu au katoto. Mkia huo una upole mwingi katika Kihispania, na bibi akimwambia mjukuu mwenye homa "pobrecita" hakuna ubaya wowote. Kwa mwanamke mzima aliyefeli mtihani wa chuo kikuu linamweka chini na wewe juu. "Me das pena" ni baya zaidi: maana yake nakuonea huruma, na Wahispania wakigombana hulitumia kama tusi. Jirani yake "qué pena" halina ukali huo, Hispania ni kama kusema inasikitisha. Ila ukilipeleka Kolombia linabadilika kazi, kwa sababu kule "pena" ni haya, na "qué pena" ndiyo namna ya kawaida ya kuomba samahani.

"No pasa nada" inasikika laini na Wahispania wenyewe huitumia siku nzima, maji yakimwagika, mtu akichelewa. Lakini kwa Lucía si kweli kwamba hakuna kilichotokea, na hapa inafaa kujua mambo yanavyokwenda kule. Alama ni kutoka 0 hadi 10, na kupita kunaanzia 5. Aliyekosa kwenye "convocatoria ordinaria", yaani awamu ya kawaida ya mitihani, ana nafasi nyingine kwenye "extraordinaria", ile ambayo wanavyuo wetu wangeiita sapu. Akikosa na huko, mwaka unaofuata analazimika kujiandikisha tena kwenye somo lilelile, na katika vyuo vya serikali ada ya kujiandikisha mara ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, ya mara ya tatu ni kubwa zaidi. Kama anasoma kwa msaada wa serikali, kuendelea kuupata kunategemea amepita sehemu gani ya masomo yake. Kwa hiyo Lucía huenda anapiga hesabu ya fedha wakati wewe unamwambia hakuna kitu. Mwenye kuumia akiambiwa haumii, hujikuta na kazi ya pili: kukuthibitishia kwamba anaumia.

"Todo pasa por algo", kila jambo lina sababu yake, nalo ni lilelile. Mimi silipendi hata kwa Kiswahili. Kwetu mtu akisema Mungu ana mpango wake, mara nyingi msikilizaji anaitikia na moyo unatulia kidogo, maana wote wawili wanaamini hivyo. Amerika ya Kusini bado utakuta marafiki wengi wanaoandikiana maneno ya Mungu kwa moyo mweupe. Kwa mwanafunzi wa Granada ambaye hujui anaamini nini, ni kubahatisha, na jioni hii si ya kubahatisha.

"Estudia más" ni amri. Hata iwe kweli, leo si siku yake. Na "el próximo ano" ni ajali ya kibodi inayowapata wageni wengi. Mwaka ni "año", wenye kile kiwimbi juu ya n. Bila kiwimbi, neno linakuwa tundu la haja kubwa. Kwenye simu bonyeza n na kuishikilia, kiwimbi kitatokea. Lucía angecheka, pengine, na kicheko si kitu kibaya usiku huo, lakini ni heri kichekesho kiwe kile ulichokusudia.

Baada ya kufuta yote hayo tunabaki na swali: basi kiandikwe nini? Mimi naona ufunguo umo katika neno moja la kawaida kabisa la Hispania, "qué rabia". Ni hasira, ghadhabu, ile hali ya kutamani kurusha kitu ukutani. Rafiki anapoandika "qué rabia" hamtazami aliyefeli kutoka juu. Anasimama kando yake na wote wawili wanautazama mtihani kwa jicho baya. Huruma ina aliye juu na aliye chini. Hasira mnaweza kuwa nayo wawili mkiwa kiwango kimoja. Hii ndiyo tofauti ambayo wenye lugha huisikia bila kuifikiria, na ndiyo inayomponyoka mgeni mwenye kamusi.

Jibu letu basi linaweza kuwa hivi:

"Uf, qué rabia, Lucía. Con todo lo que has estudiado. No hace falta que me contestes ahora. Si esta noche te apetece hablar, te llamo a las nueve, hora tuya, y si no, mañana o cuando quieras. Un abrazo muy fuerte."

Kwa Kiswahili: Duh, inaudhi kweli, Lucía. Na ulivyosoma kote kule. Si lazima unijibu sasa. Ukijisikia kuongea usiku huu nitakupigia saa tatu kwa saa za huko, la sivyo kesho au wakati wowote. Nakukumbatia sana.

Sentensi ya pili ndiyo inayobeba heshima. "Con todo lo que has estudiado" haijakamilika, inaishia hewani, na Kihispania kinapenda kuiacha hivyo: pamoja na yote uliyosoma, halafu ikawa hivi. Inakiri juhudi bila kumsifu. Linganisha na "eres muy lista", wewe una akili sana. Sifa hiyo baada ya kufeli inafanana na kumpigapiga mtoto kichwani, na zaidi inamfanya aanze kupima akili yake wakati shida ilikuwa maswali ya farmakolojia. Lakini sentensi ya juhudi ina sharti moja: iwe kweli. Kama Lucía mwenyewe alikuambia wiki nzima alikuwa ufukweni, ukimwandikia kwamba alisoma sana atajua unamtumia maneno ya mkebe. Hapo iondoe, ujumbe utasimama bila hiyo.

Vijana wa Hispania wangeweza kuandika "con lo que te lo has currado", na ulivyolihangaikia. Ni zuri, lina joto. Ukishalizoea usilibebe hadi Buenos Aires, kwa sababu kwa Waajentina "currar" ni kutapeli.

"No hace falta que me contestes" inamwondolea deni. Aliyepata pigo hupokea jumbe nyingi, na kila moja inamdai asante. Kisha kuna toleo lenye saa: "te llamo a las nueve". Ukiandika "aquí estoy para lo que necesites", nipo kwa lolote utakalohitaji, umesema jambo jema linalomwachia yeye kazi ya kufikiri anahitaji nini na kuja kuomba. Saa ikitajwa, kazi yake ni kusema sawa au hapana. Kumbuka tu kuzigeuza saa mara mbili. Saa za Kiswahili zinahesabiwa toka alfajiri kwa mchana na toka magharibi kwa usiku, kwa hiyo saa tatu usiku kwake ni "las nueve". Na mwezi Juni Hispania iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, maana yake wewe utapiga saa nne usiku ya Dar es Salaam au Nairobi. Wakati wa baridi yao tofauti inakuwa saa mbili.

Kama mngekuwa mji mmoja, badala ya simu ungeandika "te invito a un café". Jua kwamba "te invito" ni ahadi ya kulipa. Ukimwalika kwa neno hilo halafu bili ikaja mkagawana, umevunja ahadi.

Jambo jingine linalostahili utulivu kidogo ni jinsi Lucía alivyosema kuhusu kufeli kwake. Aliandika "he suspendido", nimefeli. Angeweza kuandika "me han suspendido", wamenifelisha. Kiswahili kinaijua tofauti hii vizuri sana, na Wahispania huwa na utani wao kwamba mwanafunzi akipita husema nimepita, akikosa husema wamenifelisha. Mfuate alivyosema. Akisema wamenifelisha, usimrekebishe, na pia usimshambulie mwalimu kwa niaba yake; wiki ijayo huenda akaenda kukaa mbele ya mwalimu huyohuyo. Vyuo vya Hispania huweka siku ya "revisión", ambapo mwanafunzi anaiona karatasi yake iliyosahihishwa na kuuliza alama zilipotokea. Mwenye 4.8 anaweza kutoka huko amepita. Mwenye 4.3 kwa kawaida hatoki na 0.7, lakini atajua alipokosea. Ukitaka kugusia habari hiyo, ifanye swali na uifanye kesho: "¿Sabes ya cuándo es la revisión?" Leo usiku ni mapema.

Yote hayo ni ya Hispania. Lucía angekuwa Mmeksiko, mengi yangebadilika, kuanzia kitenzi chenyewe. Meksiko mtu hasemi "suspendí", anasema "reprobé". Mperu atakwambia "me jalaron", Mwajentina "me bocharon", na Mkolombia "perdí el examen", maneno ambayo msomaji wa Madrid angeweza kuyaelewa kuwa karatasi imepotea. Hata hasira ina majina yake: Meksiko "qué coraje", Ajentina "qué bronca". Na "has estudiado" ya Hispania huko ng'ambo ya bahari ni "estudiaste". Rafiki wa Buenos Aires angepata hivi: "Uh, qué bronca. Con todo lo que estudiaste. Si querés, te llamo a la noche." Hilo "querés" ni la watu wa "vos", nafsi ya pili wanayotumia Waajentina mahali pa "tú". Kwa rafiki Mhispania "usted" ingekuwa ukuta kati yenu, lakini Bogotá wapo marafiki wa damu, hata wapenzi, wanaoitana "usted" kwa mapenzi yote. Angalia yeye anakuitaje, umwite hivyohivyo.

Angalia pia alama zenyewe kabla hujamlilia mtu. Akikwambia amepata 5, Hispania amepita, Meksiko mara nyingi amefeli, maana huko kwa kawaida mpaka ni 6. Katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires mwenye 4 amepita. Chile mizani ni ya 1 hadi 7 na 4 inatosha. Kumfariji mtu aliyepita ni aibu ndogo. Kumpongeza aliyefeli ni kubwa zaidi.

Lipo neno moja la kufariji nililoliacha makusudi hadi sasa, "ánimo". Ni kama kusema jikaze au piga moyo konde, na utaliona kila mahali. Halina huruma mbaya ndani yake, ndiyo faida yake. Kasoro yake ni kwamba likitumwa peke yake na alama tano za mshangao linageuka kelele za jukwaani za mpira. Liweke mwishoni, "mucho ánimo", baada ya kusema lile la kwake hasa, au lihifadhi kwa mtu usiyemjua sana, mfano mwenzako wa darasa la lugha ambaye hamjawahi kupigiana simu. Kwa huyo, "Siento lo del examen. Mucho ánimo, y un abrazo" inatosha kabisa; kumwahidi simu ya usiku kungekuwa kumvamia.

Ukishatuma, tulia. Alama mbili za kuonyesha amesoma zikija bila jibu hazina maana kwamba umekosea, maana wewe mwenyewe ulimwambia si lazima ajibu. Saa tatu ya Granada ikifika na hajasema neno, usipige. Tuma sauti fupi isiyozidi dakika moja, ambayo wao huiita "audio" na huipenda mno, ukimsimulia jambo lolote lisilo la mtihani. Na itakapofika siku ya mtihani wake wa marudio, mwandikie asubuhi "mucha suerte hoy" na uishie hapo. Swali la "¿has aprobado?" usiwe wewe wa kuliuliza. Akipita atakuambia kabla hujauliza, na asipopita anayo haki ya kuchagua saa ya kulisema.